Tupeane uzoefu: betri za sola uliunga 12, 24 au 48, na waya ulikufanyia nini?

MamaVifaranga
Wakuu jana nilikuwa kwa jirani, mara nikasikia ile harufu ya plastiki inayopikwa polepole, wanaotumia sola wanaijua. Nikamwambia zima inveta, tukagusa waya unaotoka betri, huwezi kushika hata kidogo. Nikakumbuka yangu ya mwaka juzi. Haya, kila mtu na yake, ulianza na volti ngapi na ulijutia nini?

Chumvi_Kidogo
Hiyo harufu naijua. Naweka kigoda hapa.

BandaUmiza
Ngoja niwasimulie maana mimi nilitaka kuua watu.

Nina banda la kuonyesha mpira, kijijini huku umeme wa gridi haujafika. TV mbili, amplifaya na spika lake la besi, feni tatu, friji ya soda. Fundi akaniwekea betri nne za 200Ah, zote sambamba, yaani mfumo wa 12, na inveta ya wati 2000. Waya 16mm, mita tatu kwenda mita tatu kurudi, kwa sababu betri nilitaka zikae stoo zisiibiwe. Fyuzi akaweka ya 150. Wiki ya kwanza ikakata mara mbili friji ikiwaka. Nikampigia, akaja na ya 250, akasema hii mzee haitakusumbua tena. Na kweli haikunisumbua.

Ikaja siku ya watani wa jadi. Banda limejaa hadi madirishani. Kipindi cha pili inveta ikaanza kulia pii pii pii, TV zinazima zinawaka, watu wananitukana, mimi nikajua betri zimeisha. Nakimbilia stoo na mita, napima kwenye betri nakuta 12.2, betri zina moto wa kutosha! Napima kwenye inveta nakuta 11 na kidogo. Nikasema mita mbovu. Nageuka hivi naona waya umelegea kama tambi, ganda linadondoka matone, chini kulikuwa na gunia la katani limeanza kufuka. Nilivuta waya kwa shati nimelizungushia mkononi, kovu ninalo. Na ile fyuzi ya 250 imekaa pale, nzima, inang'aa.

Chumvi_Kidogo
Matokeo yalikuwaje lakini?

BandaUmiza
Hatukujua, mkuu. Nilirudisha viingilio vyote.

Fundi_Mstaafu
Fyuzi haikuwa na kosa, ilifanya ilichoambiwa na aliyeiweka. Tupige hesabu ya banda lako. Vitu vyote pamoja tuseme wati 1400. Inveta nayo inakula chake, na betri ikiwa kazini volti zinashuka, kwa hiyo kwenye 12 ulikuwa unavuta kama ampea 140. Waya wa 16mm ulioning'inia vizuri hewani ukibeba 90 muda mrefu umeshukuru. Sasa fyuzi ya 250 itakata lini wakati mzigo ni 140? Haikati. Waya ndio umegeuka fyuzi. Fyuzi unaichagua kwa kuangalia waya unabeba nini, ikikata hovyo unaongeza waya au unapandisha volti, huongezi fyuzi.

Na ile mita yako haikuwa mbovu. Mita sita za waya huo kwa ampea 140 zinameza karibu volti 0.9. Zidisha kwa 140, unapata zaidi ya wati 120 zinazobaki ndani ya waya kama moto. Ungeziunga mbilimbili ziwe 24, mzigo uleule unavuta ampea 70, waya uleule unameza volti 0.46 tu, na moto unabaki wati 32 hivi. Ampea nusu, moto robo. Hapo ndipo siri ya 24 ilipo.

KijanaWaSola
Ndiyo maana mimi kila mteja namwambia weka 24, betri zinakaa na chaji mara mbili ya 12.

Fundi_Mstaafu
Mara mbili umezitoa wapi wewe? Betri nne ni zilezile. Sambamba una 12 kwa 800Ah, mbilimbili una 24 kwa 400Ah. Zidisha zote mbili uone kama hazigongi 9600.

KijanaWaSola
Mzee mimi nipo saiti kila siku, wateja wenyewe wanasema zinadumu zaidi usiku.

Fundi_Mstaafu
Zinadumu kidogo zaidi kwa sababu huchemshi waya, na inveta haizimi mapema ikidhani betri imeisha. Hiyo nakupa. Mara mbili sikupi.

SalunMpya
Samahani kuingilia, mimi nina betri moja ya 100 na taa nne na kuchaji simu, kwa hiyo nibadilishe niwe 48?

MamaVifaranga
Dada tulia na 12 yako. Taa zako zote hazifiki hata ampea 5.

Kisauni_Stima
Mie huku Mombasa niliruka moja kwa moja hadi 48, lithiamu. Ampea za banda lako kwangu zingekuwa kama 35, waya mwembamba, raha. Chaji kontrola pia, ile yangu ya ampea 60 kwenye 12 ingebeba paneli za kama wati 800 tu, kwenye 48 inapita 3000. Ila angalieni fyuzi jamani. Nilitia ile ya gari, imeandikwa 32V na sikusoma. Betri ya 48 ikijaa inapanda 56 na zaidi. Siku ya shoti ilikata ndani lakini cheche haikuzimika, iliendelea kuwaka mle mle kama ya kuchomelea hadi kikasha kikayeyuka. Nunua iliyoandikwa volti za DC kubwa kuliko betri yako ikijaa. Na breka ya ukutani ya AC msiiamini huko.

KijanaWaSola
Breka za AC mbona mimi nafunga na hazijawahi kuleta shida.

Kisauni_Stima
Hazijawahi kukata zikiwa na mzigo, ndugu yangu. Subiri.

MzeeWaRedio
Mie niliunga mbili zikawa 24, halafu redio na taa za 12 nikachomoa kwenye betri ya chini peke yake. Miezi saba betri ya chini imekufa, ya juu imevimba.

MamaVifaranga
Na mimi hivyohivyo!! Ndiyo hadithi yangu, umenimalizia. Ya chini haijai, ya juu inachajiwa kupita kiasi kwa sababu kontrola inaona jumla tu. Nilinunua kikonveta cha kushusha 24 kuwa 12, kikaisha hicho kilio.

Chumvi_Kidogo
Mimi inveta ya 12 niliipa 24. Ilisema pwaa. Mwisho wa hadithi.

BandaUmiza
Mimi sasa nipo 24, waya 35mm, nimezisogeza betri hadi mita moja, fyuzi 125 karibu kabisa na nguzo ya betri. Nashika waya mpira ukichezwa, vuguvugu hata siyo. Kisauni ananishawishi 48 lakini mfukoni sina hamu, na Fundi naona amenyamaza hapo.

Fundi_Mstaafu
Kwa wati 1400 mimi ningebaki 24. Ukipita 3000 tuzungumze.

Kisauni_Stima
Akiongeza friji ya pili mwakani atanunua inveta mara ya tatu.

SalunMpya
BandaUmiza ile inveta ya 12 bado unayo? Bei gani?

BandaUmiza
Ipo, njoo pm. Ila ule waya siuzi, nimeutundika bandani wauone.