Muuzaji anaviita vyote shifoni: nitavitofautishaje kabla ya kukata?

CherehaniMoro:
Habari zenu wanajukwaa. Mteja ameniletea picha ya gauni la msimamizi wa harusi ambalo mikono yake imetuna na kusimama yenyewe, ilhali sketi inashuka laini hadi miguuni. Nimetoka Kariakoo na sampuli tatu za rangi ya maziwa, na muuzaji aliziita zote shifoni. Ya kwanza ni nyepesi mno na inateleza mezani. Ya pili ina uzito kidogo, haing'ai, na ukiipapasa unahisi vikunyanzi vidogo sana. Ya tatu inang'aa na inachakarisha ikikunjwa. Nikizitandaza juu ya gazeti, maandishi yanasomeka vizuri chini ya ya kwanza na ya tatu, lakini chini ya ya pili yanafifia. Je, hivi ni vitambaa gani, na kipi kiende wapi?

Mzee wa Majora:
Binti yangu, chomoa uzi mmoja mmoja pembeni uuchome. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni poliesta; ukinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, hiyo ni hariri. Shifoni ya kweli ni ya hariri, kwa hiyo moto utakupa jibu.

Bi Sindano:
Mzee wangu, shikamoo. Moto unaonyesha uzi umetengenezwa kwa nini, lakini hauonyeshi umefumwaje, na shifoni, jojeti na oganza zote tatu hupatikana kwa poliesta na kwa hariri. Dada, uchomoe huo uzi bila kuuchoma, kisha uuache huru kiganjani. Uzi wa jojeti umesokotwa kwa nguvu sana, na nyuzi zinazosokotwa kulia hupishana na zinazosokotwa kushoto, ndiyo maana kitambaa hujikunja vikunyanzi na kupoteza mng'ao. Ukiachiwa, uzi huo hujiviringa mara moja. Wa shifoni nao hujipinda, ila ni mwembamba zaidi. Wa oganza ya poliesta hukaa umenyooka kama unywele.

Baada ya hapo kata kipande chembamba cha kila sampuli, ukisukume kivuke ukingo wa meza kwa takriban sentimita 15. Shifoni itainama palepale kwenye ukingo, jojeti itashuka kwa uzito wake, na oganza itabaki imetokeza mbele. Usiamue kwa kuangalia gazeti peke yake, kwa sababu oganza ni ngumu na bado inaonyesha, wakati jojeti ni laini na inaficha zaidi.

Ukhti wa Tanga:
Nashukuru kwa mada hii, kwani mtandio wangu wa shifoni hauishi kuteleza kichwani hata nikiubana kwa pini. Je, nitumie oganza?

Bi Sindano:
Mdogo wangu, oganza itasimama juu ya kichwa chako badala ya kukaa. Chukua jojeti, kwa kuwa vikunyanzi vyake hushikilia.

CherehaniMoro:
Nimefanya yote mawili. Uzi wa sampuli ya pili ulijiviringa papo hapo na wa tatu ulinyooka. Mezani, ya tatu ilitokeza hadi mwisho. Lakini nilipofua kipande chake kwa maji ya uvuguvugu na kukianika, kilirudi kikiwa kimelegea karibu nusu.

Bi Sindano:
Basi sehemu ya ugumu wake ilikuwa dawa ya kiwandani, si uzi wenyewe. Ya kwanza ni shifoni, ya pili ni jojeti, na ya tatu ni oganza hafifu. Sketi ikatie jojeti, kwa sababu itashuka kwa uzito na haitahitaji bitana nene. Kwa mikono, tafuta oganza nyingine ambayo ikifuliwa hailegei, na mishono uifunge ncha kwa ndani, maana kila uzi unaochomoza utaonekana kwa nje.

Fundi Pwani:
Mimi ningeibakiza oganza hiyohiyo, kisha ningeweka ndani ya bega ukanda wa tuli ngumu uliokusanywa marinda. Tuli ni wavu wa matundu, haifumuki ukingoni, na ndiyo itakayobeba uvimbe wa mkono. Hakikisha tu unauvisha ukanda huo kitambaa laini upande unaogusa ngozi, kwa kuwa tuli ngumu hukwaruza.

Bi Sindano:
Hiyo inafaa kwa gauni la siku moja. Tuli nyingi hutiwa dawa vilevile, hivyo mteja akilifua, bega na mkono vitalegea pamoja.

CherehaniMoro:
Mteja anataka kulivaa tena kwenye send-ofu ya mdogo wake. Kesho nitailoweka oganza hii pamoja na tuli ya dukani kwetu usiku kucha, kisha nitarudi hapa kuwaeleza kabla sijagusa mkasi.