Boriti ya msingi juu ya springi: programu inaonyesha boriti inainuka, na urefu bainifu wa mita 2.54 unaniambia nini?

Mwanzilishi_Karakana:
Habari zenu wakuu. Ninasanifu boriti ya msingi ya zege yenye urefu wa mita 20, upana wa mita 0.6 na kina cha mita 0.5, ambayo katikati yake inabeba nguzo moja ya kilonyutoni 400, na udongo wa chini ni mchanga. Nimeuwakilisha udongo kwa springi zenye ugumu wa meganyutoni 25 kwa mita ya ujazo, kisha nikatumia E ya gigapaskali 25. Kwa kuzidisha ugumu huo na upana wa boriti nimepata k ya 15, na hesabu ya urefu bainifu ikawa hivi:

```
L = (4EI/k)^(1/4) = (4 × 156.25 / 15)^(1/4) = 2.54 m
```

Chini ya nguzo boriti inashuka milimita 5.25, lakini kuanzia mita 6 hivi kutoka kwenye nguzo programu inaonyesha kwamba inainuka. Je, springi zinaivuta boriti kwenda chini? Na huo urefu wa mita 2.54 unanipa taarifa gani? Mteja naye anafikiria kuihamishia nguzo hiyo mwishoni mwa boriti.

Zege_na_Nondo:
Mkuu, mita 2.54 ndiyo umbali ambao mzigo unafika. Nje ya hapo udongo haujui kama kuna nguzo, kwa hiyo weka nondo nzito ndani ya umbali huo tu. Springi zinazovuta zifute, kwa sababu mchanga hauwezi kuvuta.

Mhandisi_Udongo:
Ni kweli kwamba mchanga hauvuti, lakini umbali wa kufika kwa mzigo ni mrefu kuliko huo. Katika mita 2.54 boriti bado inashuka karibu nusu ya mshuko wa chini ya nguzo. Mshuko unafikia sifuri mara 2.36 ya urefu bainifu, yaani karibu mita 6 kama ulivyoona, na kilele cha kuinuka kiko karibu mita 8, ambako mwinuko ni asilimia 4.3 tu ya mshuko wa katikati, sawa na milimita 0.23. Uzito wa boriti yenyewe, kilonyutoni 7.5 kwa kila mita, unaibana milimita 0.5 kwenda chini, kwa hiyo ukiujumlisha hakuna springi inayovutwa na hakuna haja ya kufuta chochote. Ninashuku kwamba uzito huo haukuingizwa kwenye programu.

Urefu bainifu ni kipimo cha mashindano kati ya boriti inayokataa kupinda na udongo unaokataa kushuka. Boriti ikiwa ngumu zaidi, mzigo unasambaa mbali. Udongo ukiwa mgumu zaidi, mzigo unabaki karibu na nguzo. Boriti fupi, yaani isiyozidi mita 2 hivi kwa kesi yako, ingeshuka bila kupinda kwa kiasi cha kujali, ilhali ile inayozidi mita 8 inahesabiwa kuwa ndefu, na mzigo wa ncha moja hausikiki kwenye ncha nyingine. Yako ni ndefu bila shaka.

Jambo la kuogopa ni wazo la mteja. Nguzo ikienda mwishoni, udongo unaipokea kwa upande mmoja tu na mshuko unakuwa mara nne, yaani milimita 21, huku shinikizo chini ya ncha likipanda kutoka kilopaskali 131 hadi 525. Momenti nayo inageuka: chini ya nguzo ya katikati ni kilonyutoni-mita 254 na nondo zinahitajika chini, lakini kwa nguzo ya mwishoni ni takriban 327, mita 2 kutoka kwenye ncha, na nondo zinahitajika juu.

Mama_Ujenzi:
Samahani kwa kuingilia. Nyumba yangu iko Athi River kwenye udongo mweusi, na boriti ya msingi imeinuka katikati baada ya mvua. Ina maana urefu bainifu wangu ni mdogo?

Mhandisi_Udongo:
Hapana, dada. Udongo wenu unavimba ukilowa na kuisukuma boriti, ilhali springi hizi zinajibu mzigo tu. Hilo ni tatizo la maji, na hesabu hii haitalionyesha.

Mwanzilishi_Karakana:
Nashukuru, uzito wa boriti sikuuingiza kweli. Ile 25 nilipewa na maabara baada ya kipimo cha bamba la mita 0.3.

Mhandisi_Udongo:
Basi haifai kuitumia moja kwa moja. Kwenye mchanga, kwa upana wa mita 0.6, ishushe hadi 14 hivi. Mshuko utafikia milimita 8.1, ingawa momenti itapanda kidogo tu, hadi 293, kwa sababu momenti inabadilika kinyume na mzizi wa nne wa ugumu wa udongo.

Zege_na_Nondo:
Mimi siukubali upunguzaji huo kila mahali. Mchanga ukizidi kushikamana kadiri unavyoshuka chini, boriti pana inafikia tabaka gumu kuliko bamba, na 14 inaweza kuwa ndogo mno.

Mhandisi_Udongo:
Kwa mchanga wa namna hiyo una hoja. Atupatie kumbukumbu za shimo la uchunguzi; kwa sasa apige hesabu kwa 14 na kwa 25, kisha aweke nondo kwa ile yenye momenti kubwa.