Modeli yangu ina 97%, mbona seqeval inanipa 0.52?

Pweza_Mkavu: Wakuu, naombeni msaada, usiku silali. Nimefunza modeli ya kutambua majina ya watu, mahali na taasisi. Nikihesabu neno kwa neno, lebo 97% ziko sawa. Nikipitisha kwenye `seqeval`, F1 ni 0.52. Nani muongo hapo?

Mzee_wa_Lebo: Hakuna muongo. Maneno mengi si majina, yana `O`. Yakiwa tisa kati ya kumi, hata modeli inayosema `O` kila mahali inaondoka na 90%. `seqeval` inapima jina zima: mwanzo, mwisho na aina. Kimoja kikikosewa, jina limekosewa. Jibu sahihi katikati, modeli kulia; `B-` ni mwanzo wa jina, `I-` ni mwendelezo wake, `ORG` taasisi, `LOC` mahali:

```
Umoja      B-ORG  B-ORG
wa         I-ORG  O
Mataifa    I-ORG  I-ORG
ulikutana  O      O
Geneva     B-LOC  B-LOC
jana       O      O
```

Limekosewa neno moja kati ya sita, kwa hiyo 83%. Ila majina ya kweli ni mawili, modeli imetoa matatu (Umoja, Mataifa, Geneva), na lililo sawa ni Geneva tu. Yaani moja kati ya matatu iliyotoa, na moja kati ya mawili ya kweli; F1, ambayo ni wastani wa hizo sehemu mbili unaovutwa na iliyo ndogo, ni 0.4.

Dada_Kompyuta: Ongeza data tu. Mimi majina ya dawa yalinitesa mwaka mzima, halafu aliyekuwa ananiwekea lebo akaolewa akahama. Hadi leo hajarudisha laptopu.

Kisiki: 97 kwa 52? Hii chai. Mtu anatafuta wafuasi.

Mzee_wa_Lebo: Pengo hilo linawezekana kabisa, japo ni kubwa. Pweza, lebo zako umezitoa wapi?

Pweza_Mkavu: Sawa, niseme. Nimeunganisha seti mbili. Moja kila jina linaanza na `B-`. Ya zamani linaanza na `I-`, `B-` inatokea tu majina mawili ya aina moja yakigusana. Nilijua modeli itajiongeza. Halafu jedwali la 97 nimeshamtumia msimamizi. Kwani si namba ya kweli?

Mzee_wa_Lebo: Ya kweli, ila kwa swali ambalo hakuuliza. Hiyo ya zamani ni IOB1, seti ya CoNLL-2003 ilitoka hivyo; ile nyingine ni IOB2. Geuza kila `I-` inayoanzisha jina iwe `B-`, kwenye data ya kupimia pia, ndipo ufunze upya. Uliweka `mode='strict', scheme=IOB2`?

Pweza_Mkavu: Ndiyo. Nilisoma ndiyo ya watu makini.

Mzee_wa_Lebo: Basi majina yanayoanza na `I-` yanatupwa, hata yale ya kwenye jibu sahihi. Hiyo 0.52 yenyewe siiamini.

Kisiki: Mfano wako wa juu je, ukiwa strict?

Mzee_wa_Lebo: Mataifa inatupwa, modeli inabaki na majina mawili, F1 inapanda 0.5. Modeli ileile.

Kisiki: Kumbe kupanda kunawezekana! Pweza, baki hapohapo.

Pweza_Mkavu: Msimamizi amejibu sasa hivi. "97 safi, peleka."