Mokapu ya fulana nyeusi: mnatuuzia ramani isiyopinda kitu!

mchora_nembo: Wakuu, nimechoka kuibiwa. Nimelipia kiolezo cha fulana nyeusi kilichotangazwa kuwa kina "mikunjo halisi". Nimeweka nembo ya mteja, imekaa kama stika. Mistari inapita juu ya kunjo kubwa la kifuani bila kupinda, halafu nembo yote imehama kutoka katikati. Mteja anauliza kama ndivyo itakavyochapwa!

Nikafungua ile ramani, yaani PSD wanayoitumia kwenye Displace ya Photoshop kuipindisha nembo ifuate mikunjo. Ni picha ileile ya fulana, wameitoa rangi basi. Displace inasoma mwanga: kijivu cha 128 hakisogezi kitu, giza linasukuma upande mmoja, weupe upande wa pili. Kitambaa hiki cheusi kiko kwenye 40 hivi, na mgongo wa kunjo uko 50. Kwa kipimo cha 10, kitambaa kinasogeza nembo karibu pikseli 9 na kunjo karibu 8, zote upande uleule. Tofauti ni pikseli moja! Nani ataliona kunjo hapo? Na huu ndio mchezo wao, wanatumia ramani ya namna hii kwenye kila fulana nyeusi.

dizaina_wa_usiku: Mkuu si uongeze tu kipimo kifike 50? Mimi hufanya hivyo na mikunjo inatokea.

mchora_nembo: Inatokea, ndiyo, kama pikseli 5. Lakini nembo nzima nayo imehama 44. Utairudisha kwa mkono kila dizaini?

vikombe_vyangu: Mokapu yangu mimi ni ya kikombe. Nembo inapinda vizuri juu, ila chini inaonekana imenyooka mno. Ramani yangu nayo ni mbovu?

fundi_skrini: Ndugu wa kikombe, kikombe hakina mikunjo, achana na Displace. Tumia Warp. Kama kamera ilitazama kutoka juu, ukingo wa chini lazima upinde zaidi ya ule wa juu. Fuata mviringo wa kitako chake.

Mleta uzi, hasira yako ni ya haki. Ramani hiyo inaokolewa: fungua Levels, vuta mpaka kitambaa kilicholala kifike 128, migongo ya mikunjo ipande kwenye 220, mabonde yashuke kwenye 40. Kisha Gaussian Blur kidogo, nyuzi za kitambaa zipotee, la sivyo kingo za herufi zitatoka na meno. Hifadhi kama PSD, rudia Displace kwa 10.

mchora_nembo: Nimefanya. Kunjo sasa linapinda mstari na nembo imetulia katikati. Asante sana. Lakini bonde la kwapani limejaa punje, maana picha yao haikuwa na kitu gizani, na blur ikizidi kunjo dogo linafutika.

fundi_skrini: Hapo sina dawa. Kivuli kisichopigwa picha hakivutwi na Levels.

mchora_nembo: Basi hela yangu naidai irudishwe. Nimeshamwandikia muuzaji, bado kimya.