Logi ya mabadiliko inaandika jina langu kila mstari, wakaguzi wanakuja Alhamisi

Mwanamizania
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka. Sisi ni SACCOS ndogo, hesabu za nusu mwaka tunaziandaa kwenye Google Sheets na watu watano tuna haki ya kuhariri. Mwezi Mei niliweka shiti inayoitwa LOGI. Mtu akibadilisha tarakimu yoyote, skripti inaandika saa, nani, shiti gani, seli gani, thamani ya zamani na mpya. Inafanya kazi, ila safu ya "nani" imejaa baruapepe yangu tu. Kuna tarakimu moja imebadilishwa, tengo la mikopo chechefu, kutoka 18,450,000 hadi 8,450,000, na logi inasema ni mimi. Sijaigusa. Nirekebishe nini kwenye skripti ili majina yatoke sahihi?

Bi Leja
Milioni kumi zimetoka kwenye tengo, maana yake ziada imepanda milioni kumi, na gawio nalo litapanda. Mwanangu, wewe unauliza skripti? Uliza nani anangoja gawio.

Kasimu wa Excel
Hamia Excel, mkuu. Kuna Track Changes, inaonyesha kila kitu na haina haja ya skripti. Halafu hiyo LOGI ifiche na uifunge kwa Protect sheet, hakuna atakayeichezea.

Seli Nyekundu
Kasimu, ile Track Changes ya zamani wameshaiondoa kwenye menyu za kawaida, na usipogusa mpangilio wake hutunza historia ya siku 30 tu. Ya sasa inaitwa Show Changes, ipo chini ya Review, nayo inarudi nyuma hadi siku 60. Kwa hesabu za miezi sita haitoshi. Na kuificha shiti si kuifunga, kwa sababu mwenye haki ya kuhariri anaifichua mwenyewe.

Mwanamizania, leta skripti ilivyo. Sema pia mnatumia akaunti za aina gani, na hiyo skripti inaamshwaje: kwa jina la onEdit tu, au uliweka trigger kwenye ukurasa wa Triggers?

Mwanamizania
Akaunti ni gmail za kawaida za bure. Trigger niliweka mimi, kwa sababu LOGI nimeifunga na wenzangu walikuwa wanakwama. Skripti hii hapa:

```
function kumbukumbu(e) {
  const s = e.range.getSheet();
  if (s.getName() === 'LOGI') return;
  e.source.getSheetByName('LOGI').appendRow([
    new Date(), Session.getEffectiveUser().getEmail(),
    s.getName(), e.range.getA1Notation(),
    e.oldValue, e.value]);
}
```

Mwanzoni ilikuwa getActiveUser lakini seli ilikuwa inabaki tupu, nikabadilisha ikaanza kujaza.

Seli Nyekundu
Hapo ndipo ulipojifunga. Trigger uliyoiweka kwa mkono hukimbia kwa mamlaka ya aliyeiweka, yaani wewe. Ndiyo maana inaweza kuandika kwenye LOGI iliyofungwa hata kama anayehariri hana ruhusa. Sasa getEffectiveUser inauliza "skripti hii inakimbia kwa mamlaka ya nani?" Jibu litakuwa wewe daima, hata akihariri meneja.

getActiveUser ndiyo inayouliza nani yupo kwenye kibodi. Lakini kwa gmail za bure Google haimpi mwenye skripti baruapepe ya mtu mwingine, hivyo inarudi tupu. Ule utupu haukuwa hitilafu. Ulikuwa jibu la kweli: "sijui." Wewe ukalibadilisha likawa jibu la uongo lenye jina lako.

Kwa hiyo kwa akaunti hizo hakuna mstari wa kurekebisha. Mngekuwa wote kwenye akaunti za taasisi za domeni moja, getActiveUser kwa kawaida ingetoa jina.

Koba la Mtaa
Samahani kuingilia. Sisi kikoba chetu tunajazia kwenye simu. Hiyo onEdit inashika na ya simu au kompyuta tu?

Seli Nyekundu
Inashika na ya simu. Isichoshika ni tarakimu inayobadilika kwa fomula kujihesabu upya, na mabadiliko yanayofanywa na skripti nyingine. Pia mtu akibandika seli nyingi kwa mkupuo, e.oldValue na e.value hazipatikani. Utaona mstari wenye D5:D19 na safu mbili tupu. Wengi hudhani skripti imeharibika.

Koba la Mtaa
Asante. Na je, kuna namna ya kuzuia mweka hazina asifute?

Bi Leja
Koba, fungua uzi wako.

Seli Nyekundu
Mwanamizania, swali moja. Umesema safu ya nani "imejaa" jina lako tu. LOGI ina mistari mingapi, na yote ina jina lako hadi sasa hivi?

Mwanamizania
Iko 143. Yote ilikuwa hivyo.

Seli Nyekundu
Ilikuwa?

Mwanamizania
Sawa, niseme tu. Mistari 61 nimesharekebisha majina kwa mkono. Lakini si kughushi! Najua nani anafanya shiti ipi. Shiti ya Mikopo ni afisa mikopo peke yake, ya Akiba ni karani. Nimeandika ukweli ninaoujua. Siwezi kumpa mkaguzi karatasi inayosema mimi nimefanya kazi ya watu watano. Na nimepanga kutengeneza nakala safi ya faili zima nimpe hiyo.

Bi Leja
Toba! Mhasibu amekuwa mpelelezi, shahidi na hakimu.

Kasimu wa Excel
Mimi naona ana hoja. Kama shiti ni ya mtu mmoja, jina linajulikana.

Seli Nyekundu
Linadhaniwa, Kasimu. Watu watano wana haki ya kuhariri faili zima, kwa hiyo "shiti ya fulani" ni mazoea tu, hakuna kufuli.

Sasa angalia mstari wa tatu wa skripti: kinachohaririwa ndani ya LOGI hakiandikwi kwenye LOGI. Yale masahihisho 61 hayamo kwenye logi yako, lakini yamo kwenye historia ya Google, kwa jina lako na saa yake. Mkaguzi akifungua File > Version history > See version history, ataona mhasibu ameketi akibadilisha majina kwenye daftari la ushahidi siku chache kabla hajafika. Na ile nakala safi ndiyo mbaya zaidi. Ukinakili faili, nakala inaanza na historia mpya, ya miezi yote inabaki kwenye faili la awali. Mkaguzi atauliza liko wapi.

Mtoa Doa
Wakuu, mnapoteza muda, kisa hiki cha kutunga. Mwanamizania, ule mstari wa tengo unaonyesha saa ngapi?

Mwanamizania
9 Julai, 10:42. Seli D27 ya Mizania.

Mtoa Doa
Na tarakimu ilionekana sahihi mara ya mwisho lini?

Mwanamizania
Siku hiyohiyo ya 9, kikao cha saa nane mchana. Tuliisoma ukutani, 18,450,000.

Mtoa Doa
Basi. Ilibadilishwa saa nne na dakika 42 asubuhi, ikasomwa bila kubadilika saa nane mchana. Ama uliibadilisha wewe ukasahau kupanga saa, ama hakuna SACCOS yoyote na sote tunachezewa.

Bi Leja
Nilijua. Gawio hilo.

Mwanamizania
Naapa sijatunga. Mimi mwenyewe hiyo saa imenichanganya, ndiyo maana sikuitaja.

Seli Nyekundu
Kabla hatujamchoma, afungue File > Settings aangalie Time zone imeandikwaje. Tarehe inayoingia kwenye seli huonyeshwa kwa saa za faili, hata kama kompyuta yako ina saa za Dar.

Mwanamizania
Imeandikwa New York!! Faili hili tulilianzisha kutoka kiolezo alichotutumia mtu.

Seli Nyekundu
Mwezi Julai New York iko nyuma yetu saa saba. 10:42 ya huko ni 17:42 ya hapa, saa kumi na moja na dakika 42 jioni. Kikao kilikuwa kimekwisha. Badilisha iwe Dar es Salaam, lakini ujue mistari ya zamani haitajisahihisha, itabaki na tarakimu zilezile. Usiiguse. Weka safu mpya pembeni:

```
=A2+TIME(7,0,0)
```

Saba ni kwa mistari yako ya Mei hadi sasa. Wao wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba tofauti inakuwa nane.

Mtoa Doa
Haya, la saa nakubali. La majina 61 bado.

Seli Nyekundu
La majina ni rahisi kuliko anavyodhani. Yote 61 yalikuwa baruapepe ileile moja, basi yarudishe yalivyokuwa. Kisha ongeza safu yenye kichwa "Aliyehariri kwa mujibu wa Version history" na ujaze kwa kufungua toleo la saa husika. Kila mhariri ana jina na rangi yake. Toleo likiwa na mshale pembeni lipanue, ndani kuna matoleo madogo. Usipolipanua utaona majina matatu kwenye saa moja usijue nani kagusa nini. Mistari usiyoipata iache tupu. Na umwandikie mkaguzi nusu ukurasa: skripti ilikuwa na kosa gani, ulibadilisha nini, lini.

Anza na tengo. Hiyo D27 bado ndiyo D27?

Mwanamizania
Hapana, juzi tuliongeza mistari miwili juu. Sasa ni D29.

Seli Nyekundu
Unaona, logi inashika anwani na haishiki kitu. D27 ya leo ni kitu kingine kabisa. Kwenye skripti ongeza jina la mstari kutoka safu A, hivi:

```
s.getRange(e.range.getRow(), 1).getValue()
```

Humo kwenye skripti, ile ya nani ifute kabisa. Hapo logi itasema nini na lini, na nani utamtafuta kwenye historia ya Google. Sasa fungua toleo la 9 Julai jioni.

Kasimu wa Excel
Na akabofye kulia kwenye seli, Show edit history, ni haraka zaidi.

Seli Nyekundu
Kweli, kwa seli moja ni haraka. Ila haionyeshi mistari iliyoongezwa au kufutwa wala mabadiliko yaliyoletwa na fomula, kwa hiyo kwa faili hili aangalie kote kuwili.

Mwanamizania
Nimeona. Saa 17:42, 18,450,000 imekuwa 8,450,000. Si mimi. Ni akaunti ya "ofisi".

Bi Leja
Ofisi ni nani?

Mwanamizania
Ni gmail ya kompyuta ya kaunta. Iko wazi siku nzima.

Mtoa Doa
Ulisema watu watano wana haki ya kuhariri.

Mwanamizania
Akaunti tano. Hiyo ni moja kati yake.

Seli Nyekundu
Basi hapo hata Google haijui zaidi ya hapo. Iondoe kwenye Share leo, kila mtu aingie kwa yake. Ile tarakimu usiirudishe kimyakimya. Tafuta hesabu ya tengo ilivyokokotolewa kutoka orodha ya mikopo iliyochelewa, ndipo uandike 18,450,000 ukiwa na karatasi mkononi. Inaweza kuwa ni moja ya mbele tu imedondoka wakati mtu anaandika upya.

Bi Leja
Moja ya mbele, tena upande wa ziada. Sawa.

Mtoa Doa
Saa kumi na moja na dakika 42 kaunta kulikuwa na nani?

Mwanamizania
Nimeuliza sasa hivi kwenye grupu. Watatu wanasema walikuwa wameshaondoka.