Bango kitita la kurasa 11 liwe jedwali la ukurasa mmoja: nibakize nini?

Mgeni_wa_Viashiria: Wakuu, habari za kazi. Nimekabidhiwa bango kitita la mradi wa maji lenye viashiria 34. Bosi anataka jedwali fupi la kwenda nalo uwandani: kiashiria, hali ya awali, shabaha, njia ya uthibitisho. Mstari unaonisumbua: "Kaya zinazotumia maji salama zimeongezeka kwa asilimia 20." Hali ya awali 40%, uthibitisho "ripoti za mradi". Niunakili hivyohivyo?

Kifutio: Rahisi mkuu. Futa shughuli, bakiza matokeo. Hali ya awali weka sifuri kote, si mradi ndiyo kwanza unaanza?

Mama Dodoso: Kifutio, sifuri inafaa kwa visima vitakavyochimbwa na mradi, siyo kwa kaya. Watu walikuwa wanakunywa maji kabla hamjafika. Shughuli ni kweli zitoke, ila zihamie kwenye mpango kazi.

Mgeni, hiyo asilimia 20 ni ya nini? Ukichukua asilimia 20 ya hiyo 40 unafika 48. Ukijumlisha 20 juu ya 40 unafika 60. Mkimaliza na 52, mmoja atasema mmevuka, mwingine mmefeli, na wote wana hoja. Muulize aliyeandika andiko la mradi, kisha shabaha iandikwe namba ya kufikia yenyewe na mwaka wake.

Kiashiria nacho kipe mipaka: kaya inayochota kwenye chanzo kilichoboreshwa, kwenda na kurudi pamoja na foleni kusizidi dakika 30. Na "ripoti za mradi" ni mradi kujishuhudia wenyewe. Andika utafiti wa kaya kwa dodoso lilelile la mwanzo, nani anakusanya na lini.

Jembe Butu: Sisi kwenye mafunzo ya wakulima tulitumia karatasi za mahudhurio. Aliyekuja mara tatu akahesabiwa watu watatu. Kwa hiyo karatasi za mahudhurio hapana.

Mama Dodoso: Karatasi hazina kosa, mngeondoa majina yanayojirudia. Ila hapa tunaongelea kaya.

Chupa ya Sampuli: Napinga kidogo. Dakika 30 zinapima urahisi wa kuyapata maji, si usalama wake. Kisima kilichofunikwa vizuri kinaweza kuwa na vimelea vya kinyesi. Kama neno "salama" linabaki, uthibitisho lazima uwe na vipimo vya maabara.

Mama Dodoso: Sawa, lakini kama hali ya awali haikupimwa maabara, utalinganisha na nini? Mimi ningebadili neno, kwa idhini ya mfadhili.

Chupa ya Sampuli: Mimi ningepima sasa hivi, kabla kisima cha kwanza hakijaanza kutumika.

Mgeni_wa_Viashiria: Asanteni. Kuna jingine: ile 40% ilipimwa masika, watu wakikinga maji ya mvua. Tathmini ya mwisho imepangwa kiangazi.

Mama Dodoso: Isogezwe masika. Ikishindikana, andika msimu kando ya kila namba, na usikubali tofauti yote ihesabiwe kuwa ya mradi.