Nakaa na fundi kila siku na daftari ninajaza, lakini mshono wangu bado unashika gamba ndani. Nakosea wapi?

Mwanagenzi_Bapa:
Wakuu habari za kazi. Niko karakana ya kuchomelea, mwezi wa nne sasa. Kila siku namtazama fundi, jioni naandika. Daftari linasomeka hivi: rodi 6013 ya mm 2.5, mashine kwenye 80, bapa la mm 4 limesimamishwa juu ya lingine kama herufi T, mshono wa kona ukiwa umelala. Mimi naweka vilevile, mashine ileile, rodi kutoka pakiti ileile. Wa kwake unatoka bapa, gamba linabanduka lenyewe. Wangu unavimba mgongoni, na nikiukata kwa grainda nakuta mstari mweusi wa gamba kwenye kona ndani. Nikimuuliza anasema "tazama mkono." Nimetazama mpaka basi. Naomba ushauri, hasa niandike nini, maana naona ninachoandika hakinisaidii.

Cheche_Tupu:
Ongeza ampea mkuu. Mshono ukivimba na gamba likibaki ndani, moto ni mdogo. Peleka 95 utakuja kunishukuru.

Kinyago_Na10:
Cheche, unaweza kuwa umepatia nusu. Moto mdogo huleta hicho hicho anachokisema, ila mwendo wa polepole nao huleta, na kulaza rodi upande usio wake nako huleta. Akiongeza ampea bila kujua ni kipi, kesho atatoboa bapa na daftari litabaki lilivyo.

Mwanagenzi, umeandika vitu vilivyotulia. Namba ya rodi, namba ya mashine, unene wa chuma, vyote hivyo vipo hata fundi akiwa amekwenda kula. Kinachokupita ni kile kinachotokea rodi ikiwa inaungua. Fanya hivi kesho.

Kwanza, pa kusimama. Ukisimama nyuma ya bega lake unaona glavu tu. Kaa ubavuni, jicho lishuke karibu usawa wa mshono, uone nafasi kati ya ncha ya rodi na uji wa chuma kilichoyeyuka. Uwe na kinyago chako mwenyewe, kioo namba 10 kinatosha kwa ampea hizo, na ufunike shingo na mikono kwa sababu mtazamaji naye anaungua ngozi. Na usitazame mwanga. Wanagenzi wengi wanafuata mwanga kwa kuwa ndio unaoita jicho. Tazama uji nyuma ya mwanga: upana wake, na mahali gamba linapoanzia. Uji unang'aa na kutulia, gamba linaonekana kama ukungu mzito unaoburuzwa nyuma yake. Kwa fundi wako ukungu huo utakaa nyuma muda wote. Kwako nahisi unakuja mbele.

Pili, pima vitu viwili ambavyo havihitaji jicho kali: sekunde ambazo rodi imewaka, na urefu wa mshono uliotoka. Rodi ya mm 350, mwombe aishie kibakisho cha mm 100, na wewe uishie hapohapo. Rodi ya aina moja huungua kwa kasi inayofuata ampea. Kwa hiyo sekunde zenu zikilingana, umeme unaofika kwenye ncha unalingana, na mjadala wa ampea umeisha. Zako zikizidi sana, basi umeme unapotea njiani: klempu ya ethi imebana kwenye rangi au kutu, waya umelegea, au unashika rodi mbali mno na chuma. Urefu wa mshono ndio unaokueleza mwendo wa mkono.

Lete namba nne hizo hapa.

Mama_Pindo:
Samahanini naingilia. Mimi niko kwenye ushonaji wa nguo, mwalimu wangu hataki kabisa kuona daftari, anasema kazi haiandikwi. Nami mikono ya gauni inanikunjamana begani. Hiyo ya kupima inanifaa?

Kinyago_Na10:
Dada, ushonaji siujui vya kukushauri. Ila kuhusu daftari, usilitoe mbele yake akiwa kazini. Weka alama tano sita kwenye kiganja au kipande cha karatasi, andika vizuri akishaondoka.

Jicho_la_Pembeni:
Mbona hamjataja simu? Rekodi video, utairudia mara mia usiku. Daftari la nini.

Kinyago_Na10:
Kamera isiyowekewa kioo cheusi mbele inazidiwa na mwanga, unapata doa jeupe na mkono. Ukishikiza kioo cha kinyago mbele ya lenzi unapata kitu, lakini rangi ya uji na gamba hazitengani vizuri kama kwa jicho. Sauti ndiyo rekodi. Tao fupi, yaani ncha ya rodi ikiwa karibu na chuma, linasikika kama kitu kinachokaangwa, mfululizo. Likirefuka sauti inakuwa ya kupuliza na matone yanaruka.

Jicho_la_Pembeni:
Inategemea simu bwana. Ya kwangu naona uji vizuri tu nikiweka kioo.

Mwanagenzi_Bapa:
Nimerudi na namba. Nimepima rodi tatu tatu, hizi ni za katikati. Fundi: sekunde 55, mshono mm 180. Mimi: sekunde 57, mshono mm 120. Ethi niliisafisha kwa grainda kabla ya wote wawili.

Kinyago_Na10:
Sasa tuna kitu cha kuongea. Sekunde 55 na 57 ni mulemule, kwa hiyo Cheche, umeme si tatizo lake. Chuma kilichoyeyuka ni kilekile, lakini yeye amekimwaga kwenye mm 120 pale fundi alipokitandaza kwenye 180. Ndiyo maana mgongo unavimba. Na uji ukirundikana, gamba lililo juu yake linateremka kwenda mbele, tao linapita juu ya gamba badala ya kugusa kona ya chuma. Kona haiyeyuki, gamba linafungiwa humo. Huo ndio mstari mweusi unaouona.

Kwa sekunde, fundi anakwenda kama mm 3.3, wewe mm 2.1. Mkono haujui milimita kwa sekunde, kwa hiyo ligeuze liwe kitu cha kuhesabika: kila mm 30 ichukue sekunde 9. Piga vitundu vya panchi kwenye bapa la chini kila mm 30, pembeni kidogo ya kona. Chaki ndani ya kinyago inakupotea, kitundu unakiona mwanga ukikaribia. Mwenzako asimame na saa akutajie tisa, tisa, tisa. Usiguse kitu kingine. Ampea palepale, rodi ileile. Ukibadili viwili kwa pamoja hutajua kipi kimeponya.

Jambo moja la kuangalia: mkia wa rodi ulale kuelekea unakokwenda, nyuzi 10 hadi 20 tu, ncha ielekee nyuma kwenye uji ili nguvu ya tao isukume gamba nyuma. Ukiulaza upande mwingine, hata mwendo uwe sahihi gamba litakutangulia.

Na kabla hujagonga gamba, simama kwanza. Andika mstari mmoja: "nadhani umeshika hapa, haukushika pale." Halafu vaa miwani, gonga, linganisha. Ukikosea ulichodhani, hapo ndipo ulipokuwa huoni wakati unachoma. Tofauti hiyo ndiyo uipeleke kwa fundi.

Chuma_Baridi:
Naongeza kwenye kumpelekea fundi. Usimuulize "nafanyaje." Ndiyo maana anakujibu "tazama mkono," hana maneno mengine, mkono wake ulishasahau kueleza. Mpe vipande viwili, cha jana na cha leo, umwulize: "Kipi ungekikata urudie, na ungeanzia kukata wapi?" Atagusa mahali kwa kidole. Weka alama hapo hapo. Muda wake ni anapobadili rodi au kazi imepoa, si tao likiwa linawaka.

Halafu vunja. Chomelea T upande mmoja tu, iache ipoe, pigilia nyundo bapa lililosimama mpaka lilale upande wa mshono na mshono ukatike. Kukata kwa grainda kunakuonyesha sehemu moja, kuvunja kunafungua kona nzima.

Cheche_Tupu:
Sawa, namba zimenishinda. Ila bado nasema 90 kwa bapa la mm 4 ingemfungulia kona zaidi.

Chuma_Baridi:
Kwa mkono uliokwisha kukaa sawa, mafundi wengi wangekubaliana na wewe. Kwake aanze mwendo.

Mwanagenzi_Bapa:
Siku nne baadaye. Nimefika mm 165 kwa sekunde 56. Mgongo umeshuka. Nimevunja vipande vitatu, vyote vimeshika isipokuwa mm 20 za mwanzo, hapo pote kuna gamba. Kabla ya kugonga niliandika "umeshika wote," kwa hiyo mwanzo nilikuwa siuoni kabisa. Nimempa fundi kipande cha jana na cha leo kama mlivyosema. Hakusema neno, aligusa mwanzo kwa ukucha akaniambia "hapa ulikuwa baridi."

Kinyago_Na10:
Amekujibu yote. Chuma hakijapata joto, na wewe unawasha tao palepale mshono unapoanzia na kuondoka. Washa kama mm 10 mbele ya mwanzo, rudi nyuma tao likiwa refu kidogo, lifupishe, subiri uji ufikie upana wa kawaida, ndipo uanze tisa zako. Alama ya kuwashia itayeyushwa ukipita juu yake. Angalia daftari lako: umeandika fundi anawashia wapi?

Mwanagenzi_Bapa:
Nimelipekua lote. Hakuna hata mstari mmoja. Nina kurasa za ampea tu.

Kinyago_Na10:
Kesho tazama sekunde 3 za kwanza tu, rodi kumi mfululizo, usihangaike na zilizobaki. Na uandike kama chuma kilikuwa baridi au kimeshapita mshono mwingine, kwa sababu fundi akichoma wa tatu juu ya chuma cha moto anaweza kuondoka bila kusubiri, ukadhani ndiyo desturi yake.

Mwanagenzi_Bapa:
Hapo umenigusa, zile rodi tatu zake nilizopima, mbili zilikuwa kwenye chuma cha moto. Je, ile 180 niirudie kwa chuma baridi au iendelee kuwa lengo?

Chuma_Baridi:
Irudie. Mshono wa chuma baridi ningeutegemea uwe mfupi kidogo kwa sababu ya kule kusubiri mwanzoni. Huenda 165 yako haiko mbali hata kidogo.

Mama_Pindo:
Nimepima sindano inapita wapi kwenye bega la mwalimu na langu. Narudi na namba wiki ijayo, kama kuna mshonaji humu ajitokeze.